Jina la jukwaani: nimetangazwa "Ghubari", ukumbi mzima ukajibu "Nzuri!"

Kalamu_Ipagala (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni. Naandika neno hilo "habari" huku limeniuma, mtaelewa mbele.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Ipagala, mchana nipo kwenye duka la vifaa vya ofisi, na usiku naandika mashairi. Miezi minne sasa napanda jukwaani kwenye usiku wa mashairi hapa mjini, watu kama sabini hivi, viti vya plastiki uani, spika mbili. Mwanzoni nilipanda kwa jina langu la kuzaliwa. Mwezi uliopita nikaamua nipate jina la kazi, nikachagua GHUBARI.

Nililichagua kwa maana yake. Kamusi inasema ghubari ni vumbi, tena ni wingu zito la mvua. Mtu wa Dodoma anayajua yote mawili: Agosti unakula vumbi, Novemba unakaa unaangalia juu kama wingu lile lina kitu au linapita tu. Neno moja limebeba ukame na tumaini. Nikasema hili ni langu.

Basi siku ikafika. Mshereheshaji akashika maiki: "Na sasa wapendwa, karibuni jukwaani... Ghubaaaari!" Sekunde moja kimya, halafu ukumbi mzima kwa sauti moja: "Nzuriii!" Nimesimama pale pembeni ya jenereta na karatasi yangu, emsii ananiangalia, mimi namwangalia. Akarudia. Wakajibu tena, safari hii na makofi.

Shairi langu la kwanza lilikuwa la msiba. Nililisoma watu wakiwa bado wanafuta machozi ya kicheko.

Usiku unaofuata ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Swali langu: nibaki na jina, nilirekebishe, au nitafute jingine? Nikilitafuta nianzie wapi? Sitaki jina la kuchekesha, na sitaki jina zuri kwenye bango ambalo likitamkwa linakufa.

---

Mchokozi_wa_Makole

Nzuri!

---

Mchokozi_wa_Makole

Samahani dada, lilikuwa linaniwasha. Sasa kwa umakini: jina ni zuri. Ila kama unataka vumbi, si ujiite tu VUMBI? Fupi, kila mtu analijua, hakuna gh ya kumtoa mtu jasho.

---

Emsii_Mstaarabu

@Mchokozi_wa_Makole mimi ni mshereheshaji, harusi na sendofu zaidi, lakini usiku wa mashairi nimeshika mara kadhaa. Nikisimama mbele ya watu wa Dodoma nikasema "karibuni Vumbi", hakuna nguvu duniani itakayozuia mtu wa nyuma asimalizie "la Kongo". Dada atapanda kusoma msiba wake watu wanawaza dawa ya nguvu za kiume. Bora hata "Nzuri".

---

Kalamu_Ipagala

Hilo sikuliwaza kabisa. Vumbi limekufa rasmi.

---

MzeeWaTamati

Binti yangu, nimesoma uzi wako nimefurahi, kwa kuwa vijana wengi huchagua jina kama wanavyochagua viatu.

Mimi ni mtu wa mashairi ya vina na mizani, si haya ya kusema. Lakini jina la mshairi kwetu lina kazi ya pili ambayo hamuitaji humu: linaingia ndani ya shairi lenyewe, kwenye beti la mwisho, mshairi anapojitaja na kufunga. Kwa hiyo zamani jina halikupimwa kwa mdomo wa mtangazaji, lilipimwa kwa kipande cha mizani 8. Hapo ndipo utaona kama jina linakaa au linaning'inia.

Ghubari ni mizani mitatu, ghu-ba-ri. Linakuachia mitano, na mitano ni nafasi nzuri mno. Na linaishia na -ri. Binti, unajua -ri ina jamaa wangapi? Safari, bahari, fahari, hatari, tayari, shwari, habari. Shairi la beti ishirini hutakwama. Tazama:

*Hapa ndipo nafungia, naketi mimi Ghubari,*
*Vumbi likishatulia, hubainika habari.*

Nimetunga sasa hivi nikisubiri chai. Jina linalojitungia lenyewe namna hii usilitupe kwa sababu ya watu waliokuwa wanacheka uani.

Tazama na waliotutangulia. Mathias Mnyampala, mtu wa huku huku kwetu Ihumwa, tunayemkumbuka kwa ngonjera, jina lake ni mizani minne: m-nya-mpa-la. Nusu kamili ya kipande. Andanenga alijulikana kama Sauti ya Kiza, mizani sita, unaongeza neno la mizani miwili kipande kimejaa. Ahmad Nassir wa Mombasa ni Malenga wa Mvita, saba, hapo nafasi iliyobaki ni ya mizani mmoja tu, na jina lenyewe karibu ndilo kipande. Majina hayo yote yana maana nzito na yote yanaingia katika wizani bila kulazimishwa.

---

Kalamu_Ipagala

Shikamoo mzee. Beti lako nimelinakili kwenye daftari, nashukuru sana. Sasa umenifanya nilipende jina zaidi wakati nilikuja kuliacha.

---

FundiMaiki_DOM

Naomba nitofautiane na mzee kwa heshima zote.

Mimi kazi yangu ni kufunga mitambo, mikutano, makanisa, harusi, na hizo jioni za mashairi nimefunga nyingi. Mzee ametaja safari, bahari, hatari, tayari, habari kama faida. Mimi nikisoma orodha hiyo naona ugonjwa wenyewe. Jina lenye jamaa wengi wa kina ni jina lenye watu wengi wanaofanana nalo sura. Usiku, mbali, upepo unapuliza, sikio halisikii herufi zote, linasikia kipande halafu linamalizia kwa neno linalolijua. Na kati ya ndugu wote wa -bari, neno ambalo Mtanzania analisikia mara mia kwa siku ni habari. Tena emsii ametoka kusema "wapendwa, karibuni", yaani ameshaandaa watu kusalimiwa. Wangejibu nini zaidi ya nzuri?

Sasa angalia kosa lilipo hasa. Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Emsii akitaka kupamba jina anavuta hapo hapo: ghuBAAAri. Na habari je? haBAAAri. Sehemu aliyoivuta kwa nguvu zote ndiyo sehemu ambayo maneno mawili yanafanana. Tofauti yote imekaa kwenye ghu na ha, silabi ya kwanza, isiyokazwa, inayopita haraka. Na sauti zenyewe, gh na h, ni pumzi tu. Gh wengi hawaitamki, wanasema "Gubari". H kwenye maiki ndiyo kabisa. Zaidi ya hapo, jioni za upepo mimi nalazimika kukata besi kwenye miksa ili maiki isingurume, na hiyo "u" yako inakwenda na upepo.

Kwa hiyo emsii hakukosea, na watu hawakukusudia kukudhihaki. Akikazana kutamka vizuri zaidi, habari inasikika vizuri zaidi.

---

Emsii_Mstaarabu

Fundi amenitetea mimi na wenzangu, nashukuru. Mnatulaumu sana.

Naongeza moja kutoka upande wa kushika maiki. Mwaka fulani kijana mmoja alinipa karatasi imeandikwa "Malenga wa Ng'hong'honha". Anatoka huko jirani na chuo, anajivunia kwao, sawa. Mimi nimekulia Tanga. Nilisimama pale nikaisoma karatasi mara mbili, nikasema "karibuni malenga wetu" nikashuka. Mpaka leo ananinunia. Sasa jamani, jina ambalo anayelitangaza analiogopa litatangazwa kwa uoga.

---

Mwanachuo_mwaka_wa_tatu

Mimi nasoma lugha hapa Dodoma. Kanuni ni rahisi, jina la jukwaani liwe silabi tatu, basi. Angalia Mrisho Mpoto, watu wanamwita Mjomba. M-jo-mba, tatu. Zaidi ya tatu emsii anachoka na watu hawakumbuki. Kwa hiyo tatizo la Ghubari si urefu, ni gh. Toa gh, weka jina lingine la silabi tatu lenye herufi ngumu.

---

MzeeWaTamati

Kijana, umetoka kusoma kwamba Sauti ya Kiza ni sita, na bado watu tunalikumbuka. Mjomba halikushika kwa sababu ya utatu wake. Limeshika kwa kuwa kila mtu ana mjomba. Anayelitangaza anaita ndugu, na ukumbi unaitika kama ndugu.

---

Mwanachuo_mwaka_wa_tatu

Sawa mzee, nakubali nusu.

---

Nafaka_Kibaigwa

Habarini wakuu. Na mimi natafuta jina la stoo yangu ya mahindi hapa Kibaigwa sokoni. Nilitaka "Neema ya Mungu" nimekuta ziko tatu. Mleta uzi ukipata jina zuri la biashara nitupie na mimi. Leseni nimeshalipia.

---

Mchokozi_wa_Makole

Kaka huu uzi ni wa washairi 😂 soma kuanzia juu.

---

Nafaka_Kibaigwa

Nimesoma. Si mnatafuta jina la vumbi? Vumbi tunalo sisi. Jana saa nane chamchela imetokea upande wa barabara kuu, imenyanyua maturubai mawili na ndoo ya mtu, pumba zote za soko zimekwenda juu zinazunguka kama mnara. Watoto wanaifukuza wanapiga kelele. Mkitaka jina la vumbi la huku chukueni hilo, bure.

---

Kalamu_Ipagala

Kaka wa Kibaigwa, unajua ulichokifanya?

CHAMCHELA. Nimelisema kwa sauti hapa dukani mara tano, mteja wa fotokopi ananishangaa.

---

FundiMaiki_DOM

Hilo sasa lina meno. Ch mbili, ambazo hata kwenye spika mbovu zinakatika vizuri. Silabi inayovutwa ni CHE, irabu wazi, emsii anaweza kuivuta mpaka pumzi imwishie. Na linafungwa na a, mdomo unabaki wazi, sauti inaruka hadi getini. Kwa masikio yangu linaishinda Ghubari.

Lakini masikio yangu si kipimo, wala ya kwako. Sisi tumeshalijua jina, na mtu aliyeshalijua jina husikia anachokijua. Lipime hivi:

Tafuta watu kumi au zaidi ambao hawajui chochote kuhusu jambo hili. Andika sentensi nzima kwenye karatasi, "na sasa karibuni jukwaani" halafu jina. Mpe mtu ambaye hajawahi kuliona hilo jina aisome MARA MOJA, bila mazoezi, kwa maiki au kwa simu iliyounganishwa na spika. Weka muziki wa chinichini, watu wakae mbali kidogo, ikiwezekana nje. Kila mmoja aandike alichosikia bila kuchungulia kwa mwenzake. Usiwape orodha ya kuchagua, ukiwapa orodha umewapa majibu.

Halafu usihesabu waliopatia tu. Tazama waliokosea wamekoseaje. Msomaji akijikwaa, ubovu uko kwenye maandishi. Wasikilizaji wakikosea wote kwa neno moja, jina lina jirani anayelimeza, kama habari. Kila mmoja akiandika lake, sauti haijafika kabisa, na hapo hata emsii mzuri hakuokoi.

---

MamaMuheme

Mdogo wangu, kama unatafuta jina la kike la huku, kwa nini usijiite Binti Muheme? Ngoma ya kina mama wa Kigogo, ina mdundo, na jina lenyewe linadunda: BInti muHEme. Mapigo mawili. Mimi ningeketi mbele kabisa.

---

Kalamu_Ipagala

Dada asante, limenivutia kweli. Nitalipima pamoja na hayo mengine mawili. Nitarudi.

---

Kalamu_Ipagala

Nimerudi. Nimefanya jana jioni nyuma ya duka letu, karibu na kituo cha bodaboda. Spika ya dukani, watu 11: madereva sita, mama wa chapati, wanafunzi wawili, mlinzi, na fundi cherehani. Msomaji alikuwa mdogo wangu wa kidato cha pili. Kila mmoja nilimpa karatasi na kalamu, mlinzi alidhani ni sensa.

GHUBARI. Mdogo wangu alisoma "Gubari", bila kujikwaa. Waliopatia, pamoja na walioandika bila h, ni watatu. Sita wameandika Habari. Mmoja Bahari, mmoja Kabari. Dereva mmoja kabla ya kuandika alijibu nzuri.

BINTI MUHEME. Wanane wamepatia. Wawili "Mweme", mmoja "Mheme". Mama wa chapati aliuliza "yuko wapi huyo binti, amekuja na ngoma?"

CHAMCHELA. Hapa mdogo wangu alijikwaa. Alisoma "Cha... Chamchela", akasimama kidogo mwanzoni. Wasikilizaji saba wamepatia. Mmoja Chamchera, wawili Chemchemi. Mmoja karatasi tupu, ni yule mlinzi, alikuwa anafungua geti.

Fundi, naomba usome vipimo hivi kama daktari.

---

FundiMaiki_DOM

Umefanya kazi safi. Ghubari ni kama nilivyosema, sita kati ya kumi na moja wameanguka shimo moja. Hilo si la kurekebisha kwa maiki.

Muheme, makosa ni ya h au u kumezwa tu, lakini hakuna aliyeandika neno lingine. Aliyeandika Mweme bado akitafuta atakupata.

Chamchela, msomaji amejikwaa kwa sababu ya hiyo m katikati, jicho halijui likate wapi. Dawa yake ni karatasi ya emsii: mwandikie CHA-M-CHE-LA, herufi kubwa, CHE ipigie mstari. Chemchemi ni jirani wa kweli, mwangalie. Ila tofauti na ile ya kwanza, hapa maneno mawili yanatofautiana kwenye silabi yenyewe inayovutwa. Cha-m-CHEEE-la na che-m-CHEEE-mi... hapana, subiri. Nimekosea. CHE iko kote kote.

---

FundiMaiki_DOM

Nimerudi kuliwaza. CHE inafanana, kweli, nimejisahihisha. Kinachotofautiana ni mwanzo, cha na che, na mwisho, la na mi. Tofauti mbili badala ya moja, na ya mwisho ndiyo inayobaki sikioni. Ndiyo maana wamedanganyika wawili, si sita. Emsii asimeze mwisho. Wengi wakivuta silabi ya katikati pumzi inawaishia, silabi ya mwisho inaanguka chini ya meza.

---

Emsii_Mstaarabu

Kweli, tunaimeza. Na nikuombe kitu kingine dada, maana hii inawaponza wengi. Mnapotupa maelezo, mnaandika jina kwanza halafu historia ndefu: "Chamchela, ni binti wa Ipagala, ameanza kuandika..." Nikisoma hivyo makofi yanakuja mapema, au hayaji. Mwandikie emsii maelezo mawili matatu kwanza, jina liwe neno la mwisho kabisa, kisha anyamaze. Kama unataka watu wajue maana, iweke KABLA ya jina: "vumbi la Dodoma likiamua kusimama na kuzunguka, huitwaje?" halafu jina. Mtu akishasikia vumbi linazunguka hawezi tena kusikia chemchemi.

---

Mwanachuo_mwaka_wa_tatu

Na mizani yake ni safi pia. Cham-che-la, mitatu. Mzee nimekutungia kipande: *Mimi Chamchela nalala.* Mbili, tatu, tatu, nane kamili.

---

MzeeWaTamati

Tisa, mwanangu. Hiyo m katikati ni silabi, inahesabiwa, kama ilivyo kwenye mtu, m-tu. Chemchemi ni mizani minne, che-m-che-mi, na Chamchela vilevile, cha-m-che-la. Kipande chako kimefurika.

Minne kama Mnyampala. Unataka kipande? *Ndimi wenu Chamchela.* Minne na minne. Limekaa.

Ila niseme ukweli wangu, binti, -la haina utajiri wa -ri. Una kabila, mila, hila, dola, chakula, kulala. Baada ya beti la nne utaanza kuwalaza watu kwa lazima. Na maana imepungua. Ghubari lilikuwa na mvua ndani yake. Chamchela haileti mvua, inakuja na kuondoka na ndoo za watu.

---

Kalamu_Ipagala

Mzee hapo ndipo moyo unaposita. Nimelilia ile mvua. Ila mimi naandika mashairi huru kwa sehemu kubwa, vina vinanikuta mara moja moja, kwa hiyo uhaba wa -la naweza kuishi nao. Kutotambulika siwezi.

Nikaliwaza na "Binti Ghubari", nikidhani neno la mbele litasaidia. Nikamjaribu mama nyumbani. Akaniuliza, binti habari ndio gazeti gani?

---

Mtu_wa_Mpwapwa

Samahani kuwaharibia. Kwetu mama alikuwa hataki hata tuitaje hiyo chamchela. Ikija tunaingia ndani, anasema ina wenyewe ndani yake. Dada fikiria, kuna watu wazima watakaokuwa ukumbini wakisikia jina hilo usiku watajikunja.

---

Mchokozi_wa_Makole

Ndiyo vizuri sasa, mshairi anayeogopwa.

---

MamaMuheme

Mimi nilipendekeza Muheme na limepata alama za juu kuliko yote, mbona limepitwa kimyakimya?

---

Kalamu_Ipagala

Dada halijapitwa, nilitaka nikujibu vizuri. Kwa masikio ndilo lililoshinda. Lakini baba yangu ni Mrangi wa Kondoa, mama ametoka Singida. Sijawahi kuishika ngoma ile. Mama wa chapati aliponiuliza ngoma iko wapi nilijisikia kama nimevaa nguo ya kuazima.

---

MamaMuheme

Nimekuelewa mdogo wangu. Bibi yangu alikuwa anaipiga, ameiweka katikati ya mapaja, mikono miwili, na hiyo nguo haiazimwi kweli. Japokuwa mimi ningekuazima.

---

Mwanachuo_mwaka_wa_tatu

Kuna wazo lingine hamjaligusa. Kwa nini asibaki na Ghubari na aipokee ile "Nzuri" kama kiitikio chake? Wasanii wangapi wanalipia watu wawajibu? Yeye amepewa bure. Emsii anaita, ukumbi unajibu, yeye anaingia. Na kama anataka salamu kabisa ajiite Mbukwa, Dodoma nzima itaitika.

---

Emsii_Mstaarabu

Mbukwa kila mwanasiasa anayetua hapa ameshaitumia mwanzo wa hotuba. Watu watangoja ahadi.

---

FundiMaiki_DOM

Kuhusu kiitikio, kijana ana hoja, sikatai. Lakini kiitikio kinawafaa waliokuwepo siku ile. Akienda kusoma Morogoro au Iringa yanaanza upya: anatangazwa, watu wanadhani wamesalimiwa. Na shairi la msiba linaingiaje baada ya "Nzuri!"?

---

Mwanachuo_mwaka_wa_tatu

Mashairi yote si ya misiba.

---

Kalamu_Ipagala

Sawa wadau. Jumamosi napanda kama CHAMCHELA. Karatasi ya emsii nimeiandika kama mlivyosema, maelezo juu, jina chini peke yake, CHE imepigiwa mstari, na "LA usiimeze" kwenye mabano. Ghubari nimelitunza ndani ya shairi, mahali mzee alipoliweka, halina maiki ya kulidhulumu.

---

Kalamu_Ipagala

Mrejesho wa Jumamosi, sijawasahau.

Upepo ulikuwepo, mkali. Emsii hakuwa yule wa kwanza, ni dada mgeni kwangu, nikampa karatasi dakika tano kabla. Akaisoma kimya mara moja midomo ikitembea, akanitazama, akasema "nimekupata". Alipanda akauliza lile swali, vumbi likiamua kusimama na kuzunguka huitwaje. Kuna mtu alijibu "kisulisuli!", mwingine "shetani!", akawaacha wabishane kidogo, halafu: "Chamcheeeeela." La ilisikika. Mlinzi wa geti alinithibitishia baadaye, nilimuuliza makusudi.

Makofi yakaja. Yakaisha. Nikafika kwenye maiki, nikavuta pumzi nianze, na kutoka viti vya nyuma kabisa, wale waliokuwepo mwezi uliopita, kama watu watano hivi: "Nzuriii!"

Ukumbi wote ukacheka, na wengi hawakujua kwa nini wanacheka. Mimi pia nilicheka, jambo ambalo sikulitarajia. Nikasoma shairi la sokoni badala ya lile nililoliandaa, nikalitaja turubai la Kibaigwa.

---

Nafaka_Kibaigwa

Na ndoo?

---

Kalamu_Ipagala

Na ndoo, kaka.

---

Mwanachuo_mwaka_wa_tatu

Kwa hiyo kiitikio kimekufuata hata baada ya kubadilisha jina. Nilisema mimi.

---

FundiMaiki_DOM

Kimefuatwa na watu watano. Tungoje mwezi ujao tuone ni wangapi. Dada, mwezi ujao spika nafunga mimi, njoo saa kumi na moja tujaribu maiki kabla watu hawajafika, hiyo ch yako kwa maiki ya karibu inaweza kupiga mluzi.

---

Nafaka_Kibaigwa

Wakuu, stoo nimeiita Chamchela Nafaka. Mleta uzi usinishtaki.